Alikuja kuomba krimu tu (kisa cha kweli cha dirishani, kirefu kidogo)

mchanganya_dawa (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za usiku. Mimi ni mfamasia, nipo nyuma ya kaunta mwaka wa 14 sasa. Hiki kisa kina kama mwezi na nusu, mhusika kanikubalia nikisimulie nami nimegeuza mawili matatu asijulikane.

Jumamosi saa 8 mchana, ile saa wateja wamekata na feni inakubembeleza. Akaingia mama mmoja wa miaka 61, msafi, kajitanda khanga. Nikamwamkia, akaitikia, akasema mwanangu nipe krimu ya kuungua, nimejiunguza na dawa ya kuchua. Hakuwa na maneno mengi, hela ishakunjwa mkononi.

Nikanyoosha mkono kwenye shelfu maana krimu zenyewe ziko nyuma yangu tu. Nilipogeuka nikamuona ameshika blauzi yake upande wa kushoto, chini ya titi, kwa vidole viwili, ameivuta kama mtu anayezuia nguo isiguse mwili. Hakuwa anajikuna. Aliyeungua na dawa ya kuchua huwa anajipapasa, anajipepea. Yeye alikuwa analinda. Nikairudisha krimu mahali pake nikamuuliza, mama hiyo dawa ya kuchua ulipaka kwa ajili ya nini?

Akasema mbavu. Zilianza Jumanne, upande huohuo, zinachoma kama pasi halafu zinapiga shoti mpaka mgongoni. Jumatano akaogopa ni moyo, akaenda kupimwa, kipimo cha moyo kikatoka safi akaambiwa labda msuli. Ndo akanunua dawa ya kuchua, mumewe akawa anamsugua Jumatano usiku na Alhamisi usiku. Ijumaa asubuhi anaoga anaona mabaka mekundu, basi akamlaumu mumewe kwamba kazidisha.

Sasa hapo wakuu, jiulizeni wenyewe kabla sijaendelea. Dawa ya kuchua inaweza kuunguza ngozi, sikatai, nimeshaona nyingi. Ila haiwezi kuleta maumivu ya Jumanne wakati imepakwa Jumatano.

Naendelea chini, ngoja nimlaze mtoto.

---

Tumbili_Mweupe

Naweka kambi hapa. Na mkuu usituache kama wale wenzio wa "itaendelea" halafu mwaka unapita

---

fundi_kimya

Hiyo ni mkanda wa jeshi hata mi nisiyesoma nishajua. Na mkanda wa jeshi unajulikana ni dalili ya UKIMWI, mngempima kwanza. Na ukizunguka ukakutana mbele na nyuma ndo basi tena mtu anaondoka

---

mchanganya_dawa

Nimerudi.

@fundi_kimya umepatia jina, mengine nitakujibu, subiri kidogo.

Nikamwomba tuingie kile chumba kidogo cha pembeni, nikamwita na dada msaidizi wangu awepo. Nikamwambia mama naomba nione tu, sigusi. Akafunua nusu. Mabaka yalikuwa matatu: moja mgongoni karibu kabisa na uti wa mgongo, moja ubavuni chini ya kwapa, na la tatu limechungulia mbele chini ya titi. Katikati yao ngozi safi kabisa. Hayakuwa na malengelenge yale mnayoyaona kwenye picha, ukiangalia haraka unasema aleji au mdudu. Nikawasha tochi ya simu nikaielekeza kutokea pembeni, siyo moja kwa moja juu ya baka, na pale mgongoni nikaona vitone vidogo sana vimekusanyika vinang'aa kama matone ya jasho. Vilikuwa kama sita hivi. Hayo ndo malengelenge yanazaliwa.

Upande wa kulia, hakuna kitu. Nikamuuliza mzee alikuchua wapi? Akasema mgongo wote huu, kote kote. Sawa, sasa dawa imepakwa pande zote mbili, imeunguzaje upande mmoja na kuishia kwenye mstari wa uti wa mgongo kama imepigwa rula?

Nikachukua kipande cha pamba, nikamwambia nitakugusa na hii tu, nikakipitisha taratibu kwenye ile ngozi safi kati ya baka na baka, sehemu ambayo haina hata doa. Akaruka. Akasema mwanangu hiyo ni pamba au moto? Nikafanya hivyohivyo upande wa kulia, akasema nasikia pamba.

Mtu asiwe na haraka ya kusema ni aleji kama ngozi isiyo na kitu inauma kwa pamba. Mshipa wa fahamu ndo unaumwa pale, ngozi inafuata tu.

---

NesiWaZamu

Daah umenikumbusha wodini. Kwa wasiojua, kila mshipa wa fahamu unaotoka uti wa mgongo una kipande chake cha ngozi unachokihudumia, unatoka nyuma unazunguka ubavu mmoja unakuja kuishia katikati ya kifua. Usawa wa chuchu ni wa nne wa kifua, usawa wa kitovu ni wa kumi. Kirusi cha tetekuwanga uliyougua utotoni hakikuondoka, kilikwenda kulala kwenye kifundo cha mshipa pale karibu na uti wa mgongo, kikiamka kinashuka na njia ya mshipa huohuo mmoja. Ndo maana kinachora mkanda na ndo maana kinaumiza kabla hakijaonekana.

---

mwalimu_mstaafu

Mimi niliupata miaka saba iliyopita, paja la kulia. Nilipakwa majivu na dawa ya meno na kila mtu aliyepita. Vipele vilipona ndani ya wiki tatu lakini mpaka leo nikivaa suruali nzito pale pananichoma. Je ipo dawa ya kuondoa hiyo au ndio nimeshazeeka nayo? Samahani kama natoka nje ya mada.

---

mchanganya_dawa

Hujatoka nje mwalimu, hiyo ndo hofu yangu kubwa iliyonifanya nisimuuzie yule mama krimu. Maumivu yanayobaki zaidi ya miezi mitatu baada ya vipele kukauka ni kovu la mshipa. Tembe za virusi hazisaidii tena hapo, zipo dawa za kutuliza mishipa kama amitriptilini ya dozi ndogo usiku au gabapentini, ila zinaandikwa na daktari akijua moyo wako na figo zako zikoje. Zinapunguza, kwa wengine sana kwa wengine kidogo. Miaka saba siyo sababu ya kutokwenda kuuliza.

Turudi kwa mama. Nikamwuliza dawa anazotumia. Akatoa kwenye mkoba kifuko cha plastiki, ndani kuna predinizoloni, tembe mbili za miligramu 5 kila asubuhi, mwezi wa tano huo, kwa ajili ya viungo. Hapo nikakaa sawa kwenye kiti. Hiyo dawa inalaza kinga ya mwili, maana yake kirusi kimemkuta mlinzi kalala, na kwa mtu kama huyo mkanda unaweza kusambaa kuliko kawaida.

Halafu nikahesabu masaa. Dawa ya virusi inafanya kazi yake vizuri ikianza ndani ya masaa 72 tangu vipele vitokee, siyo tangu maumivu yaanze. Vipele Ijumaa asubuhi. Jumamosi saa 8 mchana ishapita kama masaa 30. Mwisho wa hesabu Jumatatu asubuhi. Nikamwambia mama unatakiwa umuone daktari leo. Akasema nina kliniki yangu Jumanne, nitamwonyesha hukohuko, we nipe krimu ya kunisogeza.

Mnaona mtego ulivyo? Ningempa ile krimu ya kuungua ingekuwa haina madhara makubwa, ila ingempa sababu ya kusubiri Jumanne. Na kama angeniomba moja ya zile krimu za mchanganyiko, zile zenye steroidi na dawa ya fangasi na antibayotiki ndani ya tyubu moja ambazo watu wanazipaka kwa kila kitu, ingekuwa mbaya zaidi. Steroidi inafifisha wekundu, mtu anaona kama anapona, anatulia, kirusi kinaendelea na kazi chini.

---

Tumbili_Mweupe

Mi nina swali, kwani asingepaka tu ile krimu ya asaiklovia? Ipo dukani inauzwa bila cheti na ni dawa ya virusi hivyohivyo

---

mchanganya_dawa

Swali zuri na ndo kosa la wengi hata sisi wa kaunta. Ile krimu ni ya vidonda vya mdomoni, vile vinavyotoka ukiwa na homa. Mkanda chanzo chake kiko ndani kwenye kifundo cha mshipa karibu na uti wa mgongo, krimu ya ngozini haifiki huko. Lazima tembe. Na tembe zenyewe lazima dozi ya mkanda, nitafika hapo.

---

fundi_kimya

Basi angeacha hizo predinizoloni sikuileile kinga irudi, simple tu

---

NesiWaZamu

@fundi_kimya hapana jamani msimwambie mtu hivyo!! Ukitumia predinizoloni miezi mitano mwili unakuwa umeacha kutengeneza ya kwake, ukikata ghafla anaweza kuanguka presha mpaka akapoteza fahamu. Anayeamua ni daktari

---

mchanganya_dawa

Nesi kanimalizia.

Sasa yule mama alikuwa mbishi kwa upole, wale wa "nimekusikia mwanangu" huku anasogea mlangoni. Sikuwa na ujanja zaidi ya kumwambia ukweli wangu. Mwaka wangu wa pili kazini alikuja kaka mmoja ana vipele kwenye paji la uso upande mmoja, viwili vimeshuka mpaka ncha ya pua. Akaomba krimu ya chunusi. Nikampa, na nikampigia hesabu ya punguzo. Akarudi baada ya siku tisa jicho jekundu hafungui vizuri, mwanga unamchoma. Vipele ncha ya pua ni mshipa uleule unaohudumia jicho, nilisoma darasani nikajibu mtihani nikapata, na siku ilipokuja mbele yangu nikauza krimu. Jicho lile halikurudi kama lilivyokuwa.

Nilimwambia hivyo mama. Akanyamaza, akakaa. Akauliza, kwa hiyo hii ni ile ya mkanda? Nikasema kwa nilivyoona nadhani ndiyo, ila mimi siandiki cheti, natoa dawa iliyoandikwa, lazima daktari akuone. Akashtuka akasema nitapona au nitakufa? Bibi yake alimwambia mkanda ukikutana unaua.

@fundi_kimya hapa nakujibu na wewe. Haukutani kwa kawaida kwa sababu mshipa wa kushoto unaishia katikati na wa kulia ni mwingine. Ikitokea umetoka pande mbili au umetapakaa mwili ni ishara kwamba kinga iko chini sana, mtu huyo anahitaji hospitali haraka, lakini siyo kukutana kwa mkanda kunakoua. Na VVU, ndiyo, hasa kwa kijana mwenye mkanda kupima ni busara na daktari atashauri. Ila umri peke yake unatosha, kuanzia miaka 50 kwenda juu inaongezeka, na dawa kama za huyu mama zinatosha. Ukimwambia kila mwenye mkanda ana UKIMWI ataficha, na akificha masaa yanakatika.

Nikachukua karatasi nikaandika: maumivu tangu Jumanne, vipele tangu Ijumaa asubuhi, upande mmoja kushoto, predinizoloni miligramu 10 kwa siku miezi mitano, nadhani mkanda wa jeshi, tafadhali aonwe leo. Ile ya saa ya vipele niliipigia mstari. Nikampigia simu mumewe aje amchukue. Mzee alipofika kitu cha kwanza kuuliza ni kama kweli yeye ndiye kamuunguza mkewe. Nikamwambia hapana mzee, mikono yako haina kosa. Yule mzee alivuta pumzi mpaka nikamuonea huruma, siku mbili nzima alikuwa amelaumiwa.

---

mama_mapacha_2

Mimi naomba kuuliza, alikuwa anaishi na watoto? Maana mama mkwe wangu anao na mimi nimejifungua wiki tatu zilizopita, nimemkataza asimshike mtoto kaninunia nyumba nzima

---

mchanganya_dawa

Alikuwa na mjukuu wa miezi miwili, tena anambeba bega la kushoto. Nikuelezee kama nilivyomweleza yeye: mkanda hauambukizi mkanda. Maji ya malengelenge yakimgusa mtu ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga wala kuchanjwa, atapata tetekuwanga. Kwahiyo swali ni je wewe uliwahi kuugua? Kama uliwahi, mtoto mchanga huwa amepata kinga kutoka kwako, hatari inapungua. Kama hujui au hujawahi, mpigie daktari wako kesho, usisubiri. Kwa vyovyote vile vipele vifunikwe, mikono ioshwe, taulo asichangie na mtu, na mtoto amshike vyote vikishakauka na kufanya gamba, mara nyingi siku 7 mpaka 10. Mwambie mkweo ni likizo ya wiki moja na ushee, siyo talaka.

Wajawazito ambao hawajawahi kuugua nao wakae mbali.

---

mchanganya_dawa

Sehemu ya mwisho. Saa 12 jioni mzee karudi na cheti. Daktari kakubaliana, kapima na figo kwanza, ziko sawa. Ameandika asaiklovia miligramu 800 mara tano kwa siku, siku 7. Sisi tulikuwa na za miligramu 200 tu, kwahiyo tembe 4 kila mara, 20 kwa siku, 140 kwa wiki. Nilizihesabu mara mbili nikazigawa kwenye vifuko saba, nikaandika saa 1 asubuhi, saa 5, saa 9, saa 1 usiku, saa 5 usiku, na maji mengi maana hii dawa inapita kwenye figo.

Jumapili asubuhi simu. Mama kasema mwanangu umekosea, jirani yangu alipewa dawa hiihii ya vidonda vya mdomo, tembe moja moja, wewe unanipa nne? Nikamwambia jirani alikuwa na ugonjwa mwingine, dozi yake ni robo ya yako. Ukimeza ya jirani utakuwa umekunywa dawa bila kutibiwa. Akacheka akasema basi ngoja nimalizie hizi punje zako.

Malengelenge yalijaa Jumapili na Jumatatu, akaogopa dawa haifanyi kazi. Ni kawaida, dawa inazuia kirusi kuzaliana, haifuti kilichokwisha toka. Jumatano hakikutoka kipele kipya. Wiki ya pili magamba. Juzi kapita, anasema bado panawasha na usiku mmoja mmoja panachoma, ila kidogo kuliko mwanzo. Kama itaisha kabisa sijui, miezi mitatu haijafika. Akaniambia sasa nipe ile krimu yangu. Nikampa mafuta mazito ya kawaida ya kulainisha, ngozi ishafunga, ahangaike nayo.

---

kaka_wa_shifti

Habari, nimesoma yote. Mimi nina miaka 34, tangu jana asubuhi nina vipele kwenye paji upande wa kulia, nikajua kofia ya kazini ndo inanisugua. Kichwa kiliniuma upande huo siku mbili kabla. Leo kope imevimba kidogo ila naona vizuri. Nipake nini kwa sasa?

---

mchanganya_dawa

@kaka_wa_shifti usipake kitu. Angalia kioo, ncha au ubavu wa pua una kipele? Hata kama haina, kope imeshavimba, nenda hospitali yenye mtu wa macho usiku huu, siyo asubuhi. Waambie paji upande mmoja, maumivu yalitangulia, vipele tangu jana asubuhi. Usiweke matone yoyote ya jicho uliyonayo nyumbani, hasa yenye steroidi.

---

fundi_kimya

@kaka_wa_shifti nenda mzee, siyo utani. Na samahani kwa niliyoandika kule juu

---

Tumbili_Mweupe

Mi bado naona wafamasia wangeruhusiwa kuanzisha hizo tembe wenyewe. Angekuja Jumapili na daktari hayupo ingekuwaje?

---

NesiWaZamu

@Tumbili_Mweupe na figo angepima nani? Unampa mtu mwenye figo mbovu dozi kamili anaanza kuweweseka. Nimeona.

---

mchanganya_dawa

Mnavutana na wote mna pointi. Mimi mwenyewe sijaamua niko upande gani. Na masaa 72 yakipita msibaki nyumbani, kama vipele vipya bado vinatoka au kinga iko chini daktari anaweza kuanza tu.

---

kaka_wa_shifti

Nimetoka sasa hivi, saa 7 usiku. Kipele cha pua kilikuwepo, kidogo nilidhani ni chunusi. Jicho wamelimulika na rangi wamesema kioo cha jicho bado kizima, nirudi kesho kutwa waangalie tena. Nimepewa valasaiklovia gramu 1 mara tatu kwa siku. Ya kwanza nimemeza hapohapo. Sasa ya pili niweke alamu saa 3 asubuhi au nisubiri saa ya chakula?

---

mchanganya_dawa

Saa 3 asubuhi, chakula hakihusiki na hii. Halafu saa 11 jioni, na ya mwisho kabla ya kulala. Maji, na miwani ya jua ukitoka. Kesho kutwa nenda hata kama jicho haliumi.